Rafu moja, sikukuu mbili: mchanganye, mgawane au mpokezane?

Mume na mke wa dini mbili wakianza kuishi pamoja, maboksi ya mapambo nayo huwa mawili, na nafasi ya kuyapanga mara nyingi ni moja: rafu ya sebuleni, meza ya ukutani, au kona karibu na dirisha. Wengi huanza kwa kuuliza wavipange vipi vitu vyao ili vipendeze. Kwangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni la kalenda: je, sikukuu zenu zinakutana au zinapishana? La pili ni la hadhi: kati ya vitu vilivyomo kwenye maboksi, kipi ni cha ibada na kipi ni urembo tu? Ukishayajibu hayo mawili, la tatu linakuwa jepesi.

Nitalinganisha njia tatu nikitumia nyumba moja ya mfano. Mke ni Mkristo anayesherehekea Krismasi ya tarehe 25 Desemba, mume ni Muislamu anayefunga Ramadhani na kusherehekea Idi. Wana rafu moja yenye upana wa sentimita 120 na kina cha sentimita 30. Wa sikukuu nyingine watafuata hatua hizihizi, ila majibu yao yatakuwa tofauti, na mengine nitayagusia njiani.

Kuchanganya ni kufuma vitu vya pande zote kuwa pambo moja, huoni la nani linaishia wapi. Kugawana ni kila mmoja kuwa na upande wake wa rafu kwa wakati uleule. Kupokezana ni kuwa na msingi mmoja wa pamoja (kitambaa, taa, majani), halafu vitu vya kila sikukuu vinapanda na kushuka kwa zamu.

| | Kuchanganya | Kugawana | Kupokezana |
|---|---|---|---|
| Inafaa pale | vitu vingi ni urembo tu | sikukuu zinaangukia pamoja | sikukuu zimeachana kwa wiki kadhaa |
| Huharibika pale | kitu cha ibada kinapogeuzwa pambo | upande mmoja unapoumeza mwingine | msingi unapokuwa wa mtu mmoja |
| Kazi yake | kubwa, mara moja | ya kupima na kusawazisha | ndogo, lakini kila msimu |

Kalenda kwanza

Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi na una siku 354 au 355, kwa hiyo Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na mbili hivi kila mwaka wa kawaida. Krismasi haiondoki mahali pake. Maana yake nyumba yetu ya mfano haina jibu moja la kudumu: kuna miaka mingi sikukuu zao zinakaa mbali, kisha kuna miaka michache zinagongana.

Ramadhani ya 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, ya 2028 mwishoni mwa Januari, ya 2029 katikati ya Januari. Mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja ikianza mwanzoni mwa Januari na nyingine karibu na tarehe 26 Desemba. Kuanzia hapo zinagusana kweli: mwaka 2031 Krismasi itaangukia ndani ya mwezi wa kufunga, 2032 vilevile, na 2033 Idi yenyewe inatarajiwa siku moja au mbili tu kabla ya Krismasi. Tarehe zote hizi hutegemea kuandama kwa mwezi, kwa hiyo ziwekee nafasi ya siku moja mbele au nyuma.

Sasa waangalie wenzao. Wanandoa wa Krismasi na Hanuka ya Wayahudi hawana anasa ya kupishana. Hanuka huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislev na huchukua siku nane. Kalenda ya Kiyahudi nayo hufuata mwezi, lakini katika miaka fulani huongezewa mwezi mzima ili sikukuu zisihame majira. Matokeo yake Hanuka huwa daima ni ya mwishoni mwa mwaka. Ile ya 2024 ilianza jioni ya Krismasi yenyewe. Kwao kupokezana karibu hakupo, uchaguzi ni kugawana au kuchanganya. Diwali ya Wahindu kinyume chake: huja Oktoba au Novemba, kwa kawaida kabla Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Krismasi, hayajaanza, kwa hiyo nyumba ya Diwali na Krismasi inapokezana bila shida karibu kila mwaka. Na kama mwenzako ni Muorthodoksi wa makanisa yanayosherehekea Krismasi tarehe 7 Januari, sogeza hesabu ya Krismasi ya upande wake mbele kwa siku kumi na tatu.

Kwa hiyo andikeni tarehe za miaka mitano ijayo kwenye karatasi moja kabla hamjanunua hata taa. Wanandoa wengi hubishana kuhusu mtindo wakati tatizo lao lilikuwa tarehe.

Marundo matatu juu ya mkeka

Tandikeni vitu vyote chini, kisha kila mmoja avigawe vyake, vyake tu, katika marundo matatu. La kwanza ni vitu vya ibada. La pili ni vya ukoo, yaani vinavyobeba mtu fulani au nyumba aliyokulia. La tatu ni urembo mtupu. Mwenye kitu ndiye anayeamua kinakaa rundo lipi, na mwenzake habishi, hata kama kwake kile kitu ni mdoli tu au taa tu. Masharti haya yanaonekana madogo, lakini ugomvi mwingi wa mapambo hutokana na mtu mmoja kushusha daraja la kitu cha mwenzake bila kujua.

Katika nyumba yetu, mke ana pango la Noeli la mbao alilorithi kwa bibi yake, shada la Majilio lenye mishumaa minne, mti mdogo wa sentimita 45, nyota ya kileleni, utepe mwekundu na mipira ya rangi. Pango analiweka rundo la kwanza na la pili kwa pamoja. Shada ni la ibada, kwa sababu kila Jumapili ya Majilio anawasha mshumaa mmoja zaidi na kusali. Nyota anasita nayo: ni nyota ya Bethlehemu, ile iliyowaongoza mamajusi katika Mathayo sura ya pili, lakini hasali mbele yake. Anaiweka kwa ukoo. Mti, utepe na mipira ni urembo.

Mume ana Msahafu na kibao chake cha kuwekea, fremu yenye aya iliyoandikwa kwa hati ya Kiarabu, fanusi ya shaba ya baba yake, hilali za karatasi na kalenda ya Ramadhani yenye vimfuko thelathini. Msahafu na ile aya ni ibada bila mjadala. Fanusi ni ya ukoo. Hilali na kalenda ni urembo. Mwezi mwandamo huashiria kuingia kwa mwezi mpya, lakini hilali ya karatasi haisaliwi wala haina adabu maalumu.

Hapo kazi nusu imekwisha. Kanuni ninayoifuata ni hii: rundo la tatu linaweza kuchanganywa vyovyote, rundo la pili linaweza kukaa jirani na vitu vya mwenzake kwa ridhaa, na rundo la kwanza lina mahali pake na masharti yake. Wakati mwingine mahali hapo si kwenye rafu ya sikukuu kabisa. Msahafu, kwa mfano, mume anautoa. Kwa adabu yake haukai chini ya vitu vingine wala hauwekewi kitu juu, na ni kitabu cha kusomwa kila siku. Unapanda kwenye rafu ya juu ya chumba kingine, na hakuna aliyeshindwa.

Pango la Noeli ndilo gumu. Waislamu wengi hawapendi sanamu au picha za mitume, na Isa kwao ni mtume. Mama yake, Mariam, ndiye aliyepewa jina la sura ya 19 ya Kurani. Kwa hiyo mume hasumbuki na kisa, anasumbuliwa na sanamu ya mtoto aliye horini, zaidi ikiwa imewekwa chini ya fremu ya aya. Mke naye hawezi kuacha pango la bibi yake ndani ya boksi. Suluhu iliyowafaa ni ya vipimo: pango liko ncha ya kushoto ndani ya kisanduku chenye kuta tatu, linaonekana ukilikabili tu, na fremu ya aya iko ukuta mwingine kabisa, si juu ya rafu. Kuondoa mtoto na kubakiza hori tupu kulitajwa, na mke alikataa. Alikuwa na haki: hiyo ingekuwa kuhariri imani yake ili ipendeze.

Kuchanganya

Picha za mitandaoni zinapenda njia hii kuliko zote: mti wenye hilali za dhahabu kwenye matawi, nyota na mwezi vimefungwa utepe mmoja. Kwa nyumba ambayo pande zote mbili sikukuu ni za kiukoo zaidi kuliko za kidini, inapendeza na haina madhara. Kwa nyumba yetu ya mfano inatosha kwa rundo la tatu peke yake: hilali za karatasi na mipira ya rangi vinaweza kukaa kwenye tawi moja.

Ikivuka hapo huharibika kwa namna mbili. Ya kwanza ni kitu cha ibada kugeuzwa kifaa. Mfano ulio wazi ni kinara cha Hanuka: kwa desturi mwanga wake hautumiki kwa kazi nyingine, na ndiyo maana kuna mshumaa wa tisa, shamashi, wa kuwashia mingine. Ukikigeuza kuwa taa ya kupendezesha mti umefuta maana yake. Ya pili ni pambo kuonekana la sikukuu moja iliyovalishwa nguo za nyingine. Mti wa Krismasi wenye hilali hamsini bado ni mti wa Krismasi. Upande wenye umbo kubwa ndio unaotoa jina, na vitu vya upande wa pili vinakuwa wageni juu yake.

Kuna kipimo rahisi. Mwambie mtu asiyewajua aangalie picha ya rafu yenu, kisha aseme ni sikukuu gani. Akitaja moja bila kusita, hamkuchanganya, mmemezana.

Kugawana

Watu hudhani usawa ni idadi: vitu sita huku, vitu sita kule. Jicho halihesabu hivyo. Jicho huvutwa na urefu, kisha mwanga, kisha rangi, na idadi inakuja mwisho kabisa.

Chukua rafu yetu. Mti wa sentimita 45 wenye balbu ndogo hamsini uko kushoto, fanusi ya sentimita 28 yenye taa moja iko kulia. Hata mume akiongeza hilali kumi, fanusi bado itaonekana imekuja kutembea. Kwanza inuliwe: kisanduku cha sentimita 15 kilichofunikwa kwa kitambaa kilekile cha rafu kinaifikisha sentimita 43, na tofauti ya sentimita mbili haionekani. Pili mwanga usawazishwe: balbu ishirini zibaki kwenye mti, waya unaobaki ulazwe nyuma ya rafu nzima, upite nyuma ya fanusi na kuishia ncha ya kulia. Sasa mwanga ni wa rafu, si wa mti.

Rangi ya mwanga nayo ni muhimu kuliko rangi za vitu. Mkiwa na waya mmoja wa mwanga wa manjano mtulivu (kwenye boksi huandikwa 2700K) na mwingine mweupe wa kibuluu (6000K na kuendelea), hakuna kitambaa kitakachoziunganisha pande zile mbili. Zitabaki kama vibanda viwili vya sokoni. Chagueni mmoja. Ule wa 2700K unakaa vizuri zaidi na shaba, mbao na dhahabu, na hizo ndizo rangi zinazopatikana kwenye maboksi yote mawili. Nyekundu ya utepe ibaki kushoto kwa kiasi kidogo; ni rangi inayopiga kelele.

Msiweke mpaka katikati. Wengine huweka picha ya harusi pale kati, na bila kukusudia wanakuwa wamejenga ukuta. Afadhali tawi refu la majani lilazwe kutoka ncha hadi ncha, na vitu vya pande zote vikae mbele yake. Kisha mrudi nyuma mita tatu, mpige picha kwa simu na kuigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka, utaona papo hapo upande upi ni mzito.

Neno moja kuhusu moto. Shada la Majilio huwekwa majani mabichi, na kufikia Jumapili ya nne yamekauka kama kuni. Mishumaa ya moto ikae walau sentimita 30 kutoka kwenye karatasi, kitambaa au matawi, umbali ambao rafu yenye kina cha sentimita 30 haiwezi kuutoa. Kwa hiyo shada linashuka mezani wakati wa sala na kurudi likiwa limezimwa, na ndani ya fanusi inawekwa taa ya betri.

Kupokezana

Kwa miaka ya kabla ya 2030 hii ndiyo ningeichagua kwa nyumba yetu bila kusita. Kila sikukuu inapata rafu nzima, hakuna kinachobanwa, na kugombania urefu kunaisha.

Hatari yake iko kwenye msingi. Kitambaa kikiwa chekundu na majani yakiwa ya msonobari wenye mbegu zake, Idi itakuwa inakaribishwa kwenye nyumba ya Krismasi. Msingi unatakiwa kuwa wa vitu ambavyo hata mgeni hawezi kuvitaja mwenyewe: kitambaa cha rangi ya maziwa, sinia ya shaba, majani mapana ya kijani, ule waya wa taa. Nunueni pamoja, na muwe na boksi la tatu lenye majina yenu wote wawili.

Uchukue msimu mmoja uone. Vitu vya Krismasi vinashuka tarehe 6 Januari 2027, sikukuu ya Tokeo la Bwana. Ramadhani inatarajiwa karibu na tarehe 8 Februari, na Jumatano ya Majivu, mwanzo wa Kwaresima, ni tarehe 10 Februari. Hapo ndipo penye mtego ambao wengi hawauoni, kwa kuwa wanahesabu sikukuu na kusahau mifungo. Wote wawili wanaingia kwenye mfungo ndani ya wiki moja, lakini mifungo hiyo haina sura moja: Kwaresima hupunguza mapambo, na nyumba nyingi za Kiislamu huwasha fanusi mwezi mzima. Kwa kuwa Kwaresima kwa asili yake si msimu wa kupamba, rafu iachiwe Ramadhani, na mke aweke msalaba wake mdogo na kitambaa cha zambarau pale anaposalia. Hajanyimwa kitu, rafu tupu ndiyo pambo la Kwaresima, na amelipata mahali pengine.

Vitu vya Idi visipangiwe tarehe ya kalenda. Viwekwe kwenye boksi dogo karibu na mlango na kupandishwa usiku ule mwezi ukiandama, iwe baada ya siku 29 au 30. Kwa sababu hiyohiyo, mfuko wa thelathini wa kalenda ya Ramadhani uwekwe kitu kinachofaa kufunguliwa hata asubuhi ya Idi, maana kuna miaka siku yake haiji. Pasaka ya 2027 ni tarehe 28 Machi, zaidi ya wiki mbili baada ya Idi, kwa hiyo zamu inabadilika bila haraka.

Kati ya misimu ondoeni hata msingi. Ukikaa mwaka mzima unageuka mahali pa funguo na risiti, na siku ya kuupamba mnaanza kwa kufuta vumbi la miezi mitano.

Miaka ya kugongana

Kuanzia Desemba 2030 hadi kama 2034, kupokezana hakutafaa, na nyumba yetu ihamie kwenye kugawana kwa vipimo vile vya juu. Msingi wa pamoja waliokwisha nunua utatumika vilevile, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na kupokezana: ukitoka huko kwenda kugawana hutupi kitu, lakini pambo lililochanganywa na gundi haligawanyiki.

Mwaka 2031 na 2032 mke atakuwa anafungua kalenda ya Majilio huku mume amefunga. Kama vidirisha vyake vina pipi, vifunguliwe baada ya futari, na wote wawili wale. Pipi za kutundika mtini zibadilishwe na mipira.

Mwaka 2033 ndio wa kupangiwa mapema. Majilio yataanza tarehe 27 Novemba, siku chache baada ya Ramadhani kuanza, na Idi inatarajiwa karibu na tarehe 23 Desemba. Atakayejaribu kushusha vya Idi na kupandisha vya Krismasi ndani ya mkesha mmoja atakuwa juu ya kiti na waya mkononi wakati wageni wanabisha hodi. Fanusi ibaki inawaka upande wake hadi tarehe 6 Januari, na vyote vishuke siku moja.